Krismasi ya Ugenini: Video Tuliyoombwa Tusiitume Tena



Desemba 2023 sisi mafrateri wanne, tukiwa mwaka wa kwanza wa falsafa, tulitengeneza video ya salamu za Noeli kwa waamini wenzetu wanaofanya kazi Uarabuni. Dada yake mmoja wetu alikuwa mtumishi wa nyumbani huko Oman, na hiyo ilikuwa Krismasi yake ya kwanza nje ya Rombo. Tulitaka afurahi. Tuliirekodi kwaya yetu ikiimba kwa ngoma na kayamba, kisha tukaunganisha na picha za sikukuu ya mwaka uliotangulia, tulizotumiwa na kijana mmoja wa kijijini kwao. Kulikuwa na mabasi yaliyojaa yakipanda Kilimanjaro, ndafu mezani, mbege ikizungushwa, na watoto wamevaa nguo mpya mbele ya kanisa. Video nzima ilikuwa na dakika 14, na mwishoni sote wanne tulipunga mikono tukisema, "Tunawakumbuka!"

Jibu lake lilikuja baada ya siku mbili. "Kaka, asanteni. Lakini naomba msinitumie tena kitu kama hicho."

Tulidhani ametania. Baadaye alimweleza kaka yake jinsi ilivyokuwa. Aliifungulia bafuni usiku, akiwa amezima sauti ili watoto wa mwajiri wasiamke. Aliona midomo yetu ikifunguka na kufungwa bila kusikia neno. Kisha akawaona ndugu zake wamekaa uani kwao, na mahali alipozoea kukaa yeye amekaa mtu mwingine. Alilia mpaka asubuhi akaulizwa kama anaumwa.

Makala haya yanahusu yale tuliyojifunza kwa jibu hilo, na video ya pili tuliyotengeneza mwaka 2024. Tunayaandika kwa sababu parokia nyingi sasa zina watoto wake Maskati, Dubai, Doha na kwingineko, na kila ifikapo Desemba kuna kijana wa kwaya anayeshika simu kufanya kosa lile lile letu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba aliyeko mbali anakosa vitu vya kuona. Zaburi ya 137 inawaonyesha Waisraeli waliohamishwa Babeli wakiwa wametundika vinubi vyao kwenye miti, wakishindwa kuimba nyimbo za kwao. Tuliisali mara nyingi kanisani bila kufikiri kwamba wimbo wa nyumbani wenyewe unaweza kumchoma aliye mbali nao.

Tulipomuuliza dada anachokikosa hasa, hakutaja ndafu wala mbege. Alisema mwaka ule jumuiya ilipangiana zamu za novena ya Noeli, na jina lake halikuwamo. Alikuwa amesoma somo katika novena hiyo tangu akiwa darasa la sita. Tena, Krismasi ya Wachaga ndiyo wakati ndugu wote wanapokuwa nyumbani, na hapo ndipo mambo ya ukoo huongelewa: nani amkosea nani, nani anahitaji kusaidiwa ada, kihamba kitunzweje. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa ada ya mdogo wao, lakini kikao kilikaa bila hata kumuuliza. "Hela yangu ilifika," alisema, "mimi sikufika."

Katika somo la maadili tulikuwa tukimsoma Aristotle, anayesema kwamba umbali hauvunji urafiki wenyewe, ila unazuia matendo yake, na kuachana kukiwa kwa muda mrefu hata urafiki husahaulika. Tuliiandika kwenye madaftari kwa ajili ya mtihani. Maneno ya dada ndiyo yaliyotufanya tuielewe. Hakupungukiwa na picha zetu, alipungukiwa na tendo la kufanya pamoja nasi. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba video ya pili isiwe ya kutazamwa tu. Iwe ya kumpa mtu zamu.

Tuliandika maneno ya video hiyo Oktoba 2024 na kumpelekea mlezi wetu, padre aliyewahi kuwahudumia wahamiaji. Aliyarudisha yakiwa na wino mwekundu mahali pawili.

Mahali pa kwanza tulikuwa tumeandika: "Kusanyikeni watatu au wanne chumbani kwa mmoja wenu, msali na kuimba kama jumuiya ya nyumbani." Padre alituuliza, "Mnajua sheria za huko?" Hatukujua. Nchini Oman Wakristo wana uhuru wa kusali, lakini ibada ya pamoja hufanyika katika viwanja vilivyotengwa kwa ajili hiyo. Makanisa Katoliki yapo: la Watakatifu Petro na Paulo huko Ruwi, na la Roho Mtakatifu huko Ghala, yote katika eneo la Maskati, na mengine Salala na Sohar. Kanisa la Ruwi limejengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos. Lakini kukusanya watu kwa ibada katika nyumba ya kuishi ni jambo lingine, na mtumishi anayelala kwa mwajiri anaweza kujiponza na kuwaponza wenzake. Shauri linalofaa Rombo au Mbinga lingeweza kumfukuzisha mtu kazi Maskati. Huko Saudia hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna kanisa hata moja.

Mahali pa pili tulikuwa tumewahimiza wasikose Misa ya Krismasi "kwa gharama yoyote." Padre aliandika pembeni: "Mnamtwisha mzigo ambao Kanisa halimtwishi." Siku ya 25 Desemba ni siku ya kazi Oman, na mtumishi hawezi kuondoka bila ruhusa. Asiyeweza kufika kwa sababu nzito hana dhambi. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa, katika aya yake ya pili, inamshauri mtu wa namna hiyo ashiriki Liturujia ya Neno ikiwezekana, au atumie muda wa kufaa katika sala, peke yake au pamoja na familia. Dada alikuwa ameishi mwaka mzima akidhani anatenda dhambi ya mauti kila asipopewa ruhusa, na kwa hiyo hata alipofika kanisani aliogopa kukomunika. Tulipomtumia maelezo ya padre alijibu kwa neno moja: "Kumbe!"

Padre aliongeza jambo ambalo sisi wenyewe hatukulitilia maanani. Sikukuu ya Noeli ina oktava, siku nane kuanzia 25 Desemba hadi 1 Januari, na siku zote hizo Kanisa huimba Utukufu. Krismasi ya 2024 iliangukia Jumatano. Dada alikuwa na ruhusa ya nusu siku kila Ijumaa ya pili, na zamu yake ilikuwa tarehe 27, siku ya Mtakatifu Yohane, ndani ya oktava. Ijumaa ni siku ya mapumziko huko, na ndiyo siku makanisa yanapojaa. Kwa hiyo atakapofika Ghala siku ile hatakuwa amechelewa Krismasi. Atakuwa ameikuta ikiendelea. Maelezo hayo yalichukua sekunde 25 katika video yetu, na waliotuandikia baadaye wengi waliyataja hayo kuliko kitu kingine.

Sasa tueleze video yenyewe ilivyotengenezwa, maana hata umbo lake lilitokana na maisha ya anayeipokea.

Ilikuwa ya dakika 3 na sekunde 40. Dada alituambia kwamba anapata simu mkononi bila kuitwa kwa dakika chache tu, na kitu kirefu hukatika. Tuliweka maneno yote kwa maandishi chini ya picha, herufi kubwa nyeupe juu ya utepe mweusi, kwa sababu wengi huangalia wakiwa wamezima sauti. Tulitoa pia sauti peke yake kama faili ya pili, ili anayepiga pasi aweze kusikiliza kwa kisikilizi cha sikio moja. Tulirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye rundo la vitabu, na simu ya pili ikawa mfukoni mwa shati la msemaji kuchukua sauti. Mwanzoni alipiga kofi moja mbele ya kamera, na wakati wa kuunganisha tukalinganisha mlio wa kofi katika faili zote mbili. Bila hivyo upepo wa mlimani ungemeza maneno.

Ile ya kwanza ilikuwa nzito mno, ikapunguzwa na WhatsApp mpaka nyuso zikawa mabaka. Hii tuliipunguza wenyewe kabla ya kuituma, hadi ubora wa 480p, ikawa na megabaiti zipatazo 14. Faili ya sauti ilikuwa na megabaiti 2 tu. Tulichagua kurekodi badala ya kupiga simu ya pamoja kwa sababu simu za WhatsApp zimewekewa vizuizi Oman, ilhali ujumbe wa sauti na video zilizorekodiwa hupita.

Hatukuonyesha chakula wala umati. Anayeonekana ni msemaji mmoja akiwa mbele ya ukuta mtupu, na baada yake mama mmoja wa jumuiya ya Rombo ameshika daftari la zamu. Hatukutaja jina la mtu wala nyumba anayofanyia kazi, kwa kuwa video husambazwa na hatujui itaishia kwa nani. Hilo nalo tulilijua baada ya kosa: mwaka uliotangulia picha ya dada akiwa na watoto wa mwajiri ilikuwa imewekwa kwenye kundi la parokia, naye akaomba kwa hofu iondolewe.

Ndani ya video tulitoa mambo matatu ya kufanya, wala hatukuongeza la nne.

La kwanza lilikuwa zamu ya sauti. Novena ya Noeli huanza 16 Desemba. Tulimwomba kila aliye mbali achague siku moja kati ya zile tisa, arekodi somo fupi au ombi moja la waamini, lisizidi dakika mbili, na alitume kwa katibu wa jumuiya ya nyumbani. Katibu ataliandika jina lake katika daftari kama wengine, na siku hiyo jumuiya itasikiliza sauti yake kwa wakati wake, si kama nyongeza baada ya ibada.

La pili lilikuwa saa moja ya pamoja. Usiku wa 24 Desemba, walio nyumbani na walio mbali wasali dakika kumi kwa wakati mmoja: ishara ya msalaba, Injili ya kuzaliwa kutoka Luka sura ya pili, kimya kidogo, Baba Yetu, na tendo la komunyo ya tamaa. Haya hayahitaji mkusanyiko wala sauti, hivyo hata aliye peke yake chumbani anaweza kuyafanya.

La tatu lilikuwa kwa wanaofika kanisani. Baada ya Misa ya Ijumaa wasiondoke mara moja. Watafute wanaosema Kiswahili, wakae ndani ya kiwanja cha kanisa, wasome Injili ya siku hiyo kwa Kiswahili kwenye simu, kila mmoja ataje ombi moja, kisha wapange nani ataongoza Ijumaa inayofuata. Misa huko husomwa kwa Kiingereza, Kimalayalam, Kikonkani, Kitagalogi na lugha nyingine, na Mswahili anaweza kuhudhuria miezi bila kusikia neno la kwao. Nyumbani tumezoea kwamba jumuiya ndogondogo ni ya nyumba za jirani. Huko jirani ni yule mnayekutana naye getini mwa kanisa.

Mwisho kabisa tuliweka maneno machache kwamba anayepigwa, kunyimwa mshahara au kunyang'anywa pasipoti asitosheke na novena, bali awasiliane na ubalozi wa Tanzania ulioko Maskati. Mama mwenye daftari ndiye aliyesisitiza tuyaweke. Alisema, "Msije mkamfundisha mtoto wangu kusali tu wakati anahitaji kukimbia."

Mambo hayakwenda yote kama tulivyopanga. Siku ya kwanza ya novena sauti iliyotarajiwa haikufika. Ilikuwa imetumwa vizuri, lakini simu ya nyumbani iliyopaswa kuipokea haikuwa na bando. Kuanzia siku ya pili sauti zilitumwa kwa watu wawili, katibu na mwenyekiti, ili mmoja akikosa mwingine awe nayo.

Zamu ya dada ilikuwa 19 Desemba. Alirekodi katika chumba cha kufulia, na mashine inasikika ikinguruma nyuma ya maneno yake. Jumuiya ilikuwa imekaa uani, watu kama ishirini, na simu ya mwenyekiti ilikuwa na sauti ndogo. Mzee mmoja akaleta sufuria tupu, simu ikatumbukizwa ndani, na sauti ikavuma ikasikika mpaka kwa waliokaa nyuma. Alisoma somo, kisha akatoa ombi kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne, na kwa ajili ya bibi mzee anayemhudumia kule Oman. Jumuiya ikaitika. Ndugu yetu alikuwa mapumzikoni nyumbani siku hiyo, na anasema mama yao hakulia. Alinyoosha mgongo na kuwatazama majirani, kama anavyofanya mzazi mwanawe anapokwenda kusoma mimbarini.

Kosa kubwa zaidi lilitokea usiku wa mkesha, nalo lilikuwa letu. Katika video tulisema tu "saa tatu usiku." Oman iko saa moja mbele ya Tanzania. Dada alikwenda darini saa tatu ya kwake, akawasha simu, akasoma Luka peke yake, akangoja. Hakuna aliyemwandikia. Nyumbani ilikuwa saa mbili na watu walikuwa bado wanavaa. Ilipofika saa nne ya kwake ndipo ujumbe ulipoanza kuingia: "Tunaanza." Alikuwa ameshashuka kuandaa chakula cha usiku cha wageni. Aliuona saa sita, ukiwa umejaa salamu za watu waliosali bila yeye huku wakiamini kwamba yupo.

Tulipojua tulinyong'onyea. Mmoja wetu alimpigia simu ya kawaida, ya gharama, kuomba radhi kwa niaba ya wote. Alicheka kidogo. "Frateri, mwaka jana sikuwa na mahali pa kuchelewa. Mwaka huu nilikuwa napo." Tangu hapo kila tangazo letu huandika saa mbili pamoja: saa tatu usiku Rombo, saa nne usiku Maskati, na kwa walio Doha na Riyadh ni saa tatu kama nyumbani.

Ijumaa ya tarehe 27 alifika Ghala. Alikaa kivulini baada ya Misa akaanza kusoma Injili kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, peke yake. Kabla hajamaliza alikuja mama mmoja Mkenya akaketi, kisha msichana Mrundi aliyekuwa akipita na chupa ya maji. Watu watatu, chapati mbili zilizofungwa kwenye karatasi, na dakika arobaini kabla gari la kumrudisha halijafika. Walipangiana zamu. Msichana Mrundi akapewa kuongoza safari ijayo, akasema Kiswahili chake si kizuri, wakamwambia atasoma hivyo hivyo.

Hatutaki kuifanya habari hii kuwa kubwa kuliko ilivyo. Kati ya watu tisa tuliowaandikia, wanne hawakujibu. Mmoja tulikuja kujua kwamba simu yake hushikwa na mwajiri na hurudishwa mara moja kwa juma. Mwingine yuko Saudia, na kwake lile jambo la tatu halikuwa na maana yoyote. Yule Mrundi hakuonekana tena mwezi wa pili, na wenzake hawana namba yake. Sasa kila anayekaa nao kivulini huandikiwa namba siku hiyo hiyo.

Mwaka huu dada ndiye aliyetuandikia kwanza, mwezi wa kumi kabla hata hatujaanza. Hakuuliza kama tutatengeneza video. Aliuliza zamu zimegawanywaje, na akaomba tarehe 24, siku ya mwisho ya novena, ambayo kwao hupewa watu wazima. Jumuiya imekubali. Mwenyekiti ameandika jina lake kwenye daftari, na pembeni yake ameweka saa mbili: ya Rombo na ya Maskati.